Wageni wanafika asubuhi, chumba bado hakijatoka mtu

"Nipo mapokezi, hoteli ya Kariakoo. Barua pepe ya kuthibitisha chumba nimeitafsiri hivi: 'Kuingia saa 2:00 mchana. Kughairi bure hadi saa 12:00 usiku, Ijumaa 13 Machi 2026.' Wageni wanakuja asubuhi, wengine wanagombana nasi juu ya makato. Nimekosea wapi?"

Maneno umeyatafsiri, saa umeziacha kwa Kiingereza. Mgeni akiona saa 2 anajua ni saa mbili asubuhi, na neno "mchana" halimzuii, maana saa mbili ya mchana haipo. Ongeza au punguza 6: 2:00 PM ni saa 8 mchana. Weka na 14:00 kwenye mabano, kwa sababu ndiyo atakayoiona kwenye simu yake.

Hiyo ya kughairi ndiyo yenye hasara. Kiingereza kilimaanisha 00:00, yaani saa 6 usiku Ijumaa inapoanza. Mgeni amesoma saa 12, akaielewa kuwa saa 12 jioni ya Ijumaa, yaani muda wa saa 18 nzima baada ya mwisho halisi kupita. Anaghairi Ijumaa mchana akiamini kawahi, mnamkata, naye ana haki ya kununa.

Kuandika "saa 6 usiku wa Ijumaa" bado hakutoshi. Kwa wengi wa Pwani, hasa wazee, siku inaanza jua likizama, hivyo usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wake. Kijana wa mjini atafikiri ni usiku unaoufuata. Andika "usiku wa kuamkia Ijumaa", kisha utaje tarehe ya siku inayokwisha.

Jihadhari pia na "kuahirisha", ambalo wengi hulitumia badala ya "kughairi". Anayeahirisha bado anakuja, siku nyingine. Na usiandike "siku 2" peke yake: atakayeingia Ijumaa atahesabu Ijumaa na Jumamosi, afungashe Jumamosi jioni au adai kurudishiwa. Hesabu kulala.

Kwa chumba cha Sh 80,000, ningeandika:

"Mgeni wetu, nafasi yako imethibitishwa. Unaingia Ijumaa tarehe 13 Machi 2026, kuanzia saa 8 mchana (14:00). Unatoka Jumapili tarehe 15 Machi, kabla ya saa 4 asubuhi (10:00). Unalala mara 2, jumla Sh 160,000. Utalipa hotelini ukifika.

Ukitaka kughairi bila kukatwa, tujulishe kabla ya Alhamisi tarehe 12 Machi kwisha, yaani kabla ya saa 6 usiku wa kuamkia Ijumaa. Ukichelewa kughairi, au usipofika kabisa, utalipa Sh 80,000, gharama ya kulala mara moja."

Angalia sentensi ya mwisho: inataja pesa, si "ada zitatozwa kwa mujibu wa masharti". Kiasi chenyewe kichukue kwenye masharti ya hoteli yenu. Meneja akikubali kusogeza mwisho wa kughairi uwe Alhamisi saa 12 jioni, utata wa usiku unaondoka wote, ila uamuzi huo ni wake na lazima barua ya Kiingereza ibadilishwe pia.