Ujumbe wako unasomeka kama amri? Badilisha maneno machache tu

"Wateja wanasema nawaamrisha kwenye meseji. Sina nia mbaya, na sitaki kuandika gazeti. Nibadilishe nini?"

Mimi nafuatilia madeni ya duka la jumla hapa Dar, kwa hiyo kutwa nzima kazi yangu ni kudai watu kwa meseji. Chukua huu, ni aina ya ujumbe ninaoupokea mezani kwa vijana wapya:

"Mbona hujatuma risiti ya benki? Nataka leo kabla ya saa kumi. Wewe ulisema Ijumaa."

Anza na "mbona". Hilo halisomeki kama swali, ni lawama, na "hujatuma" inamnyooshea mtu kidole. Hamisha kitenzi kije kwako: "risiti bado sijaiona". Habari ni ileile, ila sasa mwenzako ana pa kutokea. Pengine kaituma na imekwama njiani, na hapo ndipo utashukuru hukumlaumu.

"Nataka" iwe "naomba", na kitenzi kinachofuata kiishie na e: "naomba unitumie". Kwa Mkenya "nataka" mara nyingi ni taarifa tu ya anachohitaji, lakini huku Bara mteja anaweza kununa wiki nzima. Usidhani "tafadhali" itakuokoa. Ukiandika "Tafadhali tuma risiti", bado ni amri, na kwa sikio langu inafanana na kibao cha ukutani cha "tafadhali usikojoe hapa".

Halafu kuna "wewe". Kiswahili tayari kina u- ndani ya "ulisema", kwa hiyo ukiongeza "wewe" umesisitiza, na msisitizo kwenye deni ni ugomvi. Andika "tulikubaliana Ijumaa". Ahadi inabaki palepale, ila sasa ni yenu wawili.

Ukiunganisha:

"Habari za leo. Risiti ya benki bado sijaiona, na tulikubaliana Ijumaa. Naomba unitumie leo kabla ya saa kumi."

Ukiacha salamu, limeongezeka neno moja tu. Saa kumi iko palepale, na usiiguse. Wengi wakitaka kulainisha wanaandika "ukipata nafasi", kisha wanashangaa risiti inafika Jumatatu. "Ukipata nafasi" ni ruhusa ya kuchelewa, iache kwa mambo yasiyo na haraka.

"Naomba" nayo ina kiwango. Moja kwa ujumbe inatosha. Zikifika tatu, utaonekana unabembeleza, au unakejeli, hasa kwa mtu mnayetaniana naye kila siku.

Ila mteja akishapita tarehe mara kadhaa bila hata kujibu, sibadilishi maneno tena, napiga simu.