Mizani, Daraja na Fedha za Mayatima

Swali: Assalamu alaykum sheikh. Baba yangu amefariki hivi karibuni. Alikuwa msimamizi wa watoto wa marehemu ami yangu, na fedha zao alizitia kwenye biashara yake asizirudishe. Tangu nisikie mawaidha ya daraja jembamba kuliko unywele sipati usingizi, namwona baba analipita. Kaka yangu ananiambia niache kulia: mizani ni ya Wamisri wa kale, daraja ni la Wafursi, Waislamu waliyaokota tu, nazo ni picha za kutishia watu. Je, ni kweli?

Jibu: Wa alaykumu salam wa rahmatullah. Mwenyezi Mungu amrehemu baba yako na autulize moyo wako, binti yangu. Swali hili limenikalia moyoni, kwa sababu kaka yako ameanza na jambo la kweli kisha akalipeleka kusiko.

Ni kweli Wamisri walikuwa na mizani. Iko karatasi ya mafunjo ya mwandishi mmoja aitwaye Ani, ya kama mwaka 1250 kabla ya Nabii Isa, ambayo leo imehifadhiwa katika Makumbusho ya Uingereza. Humo moyo wa maiti umewekwa katika kitanga kimoja, na katika cha pili unyoya wa Maat, yaani kweli na haki. Thothi, mungu wao wa uandishi, anaandika matokeo, na nyuma yake anangoja Ammit, mnyama mwenye kichwa cha mamba, kifua cha simba na mapaja ya kiboko, aumeze moyo utakaoshindwa. Wafursi wa dini ya Zarathustra nao wana daraja la Chinvat, ambalo humpanukia mwema na kumbania mwovu. Wahindu wana mto Vaitarani, ambao wafu huuvuka. Wabudha wa Japani wana mto Sanzu, ambako bibi kizee humvua maiti nguo zake, zikatundikwa mtini, na tawi likainama kwa kadiri ya dhambi alizobeba.

Haya yote hayanitikisi, na sijui kwa nini yamtikise Mwislamu. Qur'ani yenyewe inasema hakuna umma ila alipita humo mwonyaji (Fatir, aya ya 24). Basi ikiwa kila umma ulionywa kuhusu hesabu, ajabu ingekuwa wasifanane kabisa. Tena mizani ni chombo anachokijua kila aliyewahi kununua na kuuza. Muuzaji ana maneno yake, mnunuzi ana yake, lakini kitanga hakisikilizi maneno ya yeyote kati yao. Watu waliotaka kuisema haki isiyobembelezeka hawakuhitaji kuazimana mfano huo.

Na hata tukubali kwamba mfano ulisafiri kutoka kwa watu hawa hadi kwa wale, hoja bado haisimami. Neno letu “deni” tumelipokea kutoka Kiarabu. Je, anayekudai amepoteza haki yake kwa kuwa neno si la Kibantu? Asili ya jina haifuti kilichotajwa. Kaka yako ameonyesha nani alitangulia kuchora, akadhani ameonyesha kwamba hakuna hesabu.

Kuhusu “picha tu”, wanazuoni wetu walilijadili jambo hili zamani. Imepokewa kwa Mujahid kwamba mizani maana yake ni uadilifu, na wako Muutazila waliokwenda njia hiyo. Jamhuri ya Ahlu Sunna, nami niko nao, wanasema ni mizani ya kweli yenye vitanga viwili, namna yake anaijua Mwenyezi Mungu. Lakini angalia: yule aliyesema ni uadilifu hakupunguza hesabu hata chembe. Aya ya 47 ya Suratul Anbiyaa inasema hata uzito wa chembe ya khardali utaletwa. Usomaji wowote unaomfanya mtu aione ile chembe kuwa nyepesi zaidi si taawili, ni kukimbia.

Na kukimbia huko ni kwa kale. Wamisri hao hao walimwekea maiti kifuani jiwe la umbo la mdudu mbawakawa, limeandikwa maneno ya kuusihi moyo wake usisimame kushuhudia dhidi yake. Wayunani walimtia maiti sarafu mdomoni amlipe Kharoni, mvushaji wa mto. Naona huruma nikiyafikiria. Watu walijua hesabu ipo, wakatafuta pa kupenyea. Qur'ani imepaziba: Suratu Yasin, aya ya 65, midomo itatiwa muhuri, mikono iseme, miguu ishuhudie. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema katika hadithi ya Bukhari kwamba aliyemdhulumu nduguye ajinasue leo, kabla ya siku isiyo na dinari wala dirhamu, ambapo mdhulumiwa atalipwa kwa mema ya dhalimu, na yakiisha, dhalimu abebeshwe madhambi ya aliyemdhulumu.

Sasa lile daraja linalokunyima usingizi. Waidhi wengi husimama kwenye wembamba wa unywele na ukali wa upanga, lakini katika Sahihi Muslim maneno hayo ni ya Abu Said al-Khudri akisema “imenifikia”. Siyakanushi. Nasikitika tu kwamba yamefunika sehemu inayomhusu msikilizaji. Humo humo imepokewa kwamba Amana na Undugu wa damu vitatumwa, visimame kandokando ya Sirati, kulia na kushoto. Watu hupita wengine kama umeme, wengine kama upepo, wengine kama ndege, kila mmoja akienda kwa amali zake. Fedha za watoto wa ami yako ni amana, na wao ni damu yenu. Kwa hiyo sitakudanganya kwamba jambo la baba yako ni dogo.

Lakini halijafungwa, na hapa ndipo ninapotaka uyaache machozi kidogo. Mtume aliletewa jenazah ya mtu mwenye deni la dinari mbili, asimsalie mpaka Abu Qatada alipolibeba deni lile. Akawa anamuuliza kama amelipa, na alipojibu kwamba amelipa, akasema: “Sasa umeipoza ngozi yake.” Dinari mbili, zilizolipwa na mtu mwingine baada ya mazishi, zikamfikia maiti.

Kwa hiyo tafuteni daftari za baba, na mashahidi waliojua kiasi alichopokea, mkiandike. Kiasi hicho kitolewe kwenye mali aliyoacha kabla ya mirathi, kwa kuwa Suratun Nisaa, aya ya 11, imetanguliza wasia na deni. Kama mmekwisha kugawana, kila mrithi arudishe kwa kadiri ya fungu lake. Mali isipotosha, hamlazimiki kulipa kutoka mifukoni mwenu, ila mkifanya hivyo ni wema mkubwa kwa baba. Wala msimwendee mama yao kumwomba asamehe kwa niaba yao: mtoto ambaye hajabaleghe hawezi kusamehe mali yake, na mlezi hana haki ya kuisamehe. Waliokwisha kubaleghe na kupevuka akili waulizwe wenyewe, bila kuonewa haya wala kushinikizwa, na waelezwe kiasi kamili kwanza.

Kaka yako simtuhumu. Huenda naye anajikinga na huzuni yake. Lakini yeye ni mrithi pia, na maneno yake, akiyafuata, yatamwachia fungu zima. Mwonyeshe hesabu mtakayoiandika kabla ya kubishana naye tena kuhusu Wamisri. Na usiku ukimwona baba darajani, mwombee maghufira, kisha asubuhi uendelee na daftari.

Wallahu aalamu.