Kijana wa mita 400 anazima mita 80 za mwisho: mbio zake zinahitaji oksijeni kiasi gani?

Swali: "Mimi ni mwalimu wa michezo sekondari. Kijana wangu wa mita 400 anamaliza kwa sekunde 52.0. Mita 200 za kwanza anapita kwa 23.4, na mita 200 peke yake rekodi yake ni 23.0. Mita 80 za mwisho anazima kabisa. Nilisoma kwamba mita 400 ni anaerobiki, yaani bila oksijeni, na mita 10,000 ni aerobiki, yaani kwa oksijeni, kwa hiyo sijawahi kumpa mbio ndefu, na mwenzake wa 10,000 sijawahi kumpa mbio za kasi. Nakosea wapi?"

Mwalimu, umefanya vizuri kuandika muda wa mita 200 za kwanza, maana jibu limo humo. Nusu ya kwanza 23.4, nusu ya pili 28.6: tofauti ya sekunde 5.2. Kijana wako hakosi moyo wa kupambana. Anafika katikati ya mbio akiwa ameshatumia akiba ambayo alipaswa kuwa nayo kwenye kona ya mwisho.

Mifumo ya nishati haipokezani kama wakimbiaji wa kijiti. Bastola ikilia, yote inaanza kazi kwa pamoja, ila kila mmoja una wepesi wake na mwisho wake. Misuli hutumia ATP, kemikali inayobeba nishati ya kila mkazo, na ile iliyomo ndani yake inatosha sekunde mbili tatu tu, kwa hiyo kazi yote iliyobaki ni kuitengeneza upya. Fosfokreatini, akiba nyingine iliyomo ndani ya msuli, huitengeneza papo hapo, lakini kwa anayekimbia kwa nguvu zote sehemu kubwa ya akiba hiyo huwa imekwisha ndani ya sekunde kumi hivi. Njia ya pili ni kuvunja glikojeni, sukari iliyohifadhiwa ndani ya misuli, bila oksijeni. Nayo ni ya haraka, ila kila kipande cha glukosi kinachotoka kwenye glikojeni huzaa ATP 3 tu. Kipande hicho hicho kikichomwa chote kwa oksijeni huzaa 30 na zaidi. Shida ya njia hii ya tatu ni kwamba huchelewa kupanda, kwa sababu moyo, mapafu na misuli yenyewe vinahitaji muda kufikia kazi kubwa.

Hapo ndipo uliposoma nusu ya habari. Kuchelewa huko ni kwa sekunde, wala si kwa dakika. Wakimbiaji waliopimwa oksijeni wanayotumia wameonyesha kwamba kwa mwanamume aliyezoezwa vizuri, asilimia 40 hivi ya nishati ya mita 400 hutoka kwenye oksijeni, na kwenye mita 100 za mwisho njia hiyo ndiyo inayobeba mzigo mkubwa. Kwa mita 10,000 sehemu ya oksijeni ni kama asilimia 97. Kwa hiyo kijana wako anazima pale pale ambapo mfumo usiowahi kuufanyia mazoezi ndio unaotegemewa.

Usitarajie asipungue kabisa. Wayde van Niekerk alipoweka rekodi ya dunia ya 43.03 kule Rio mwaka 2016, mita 100 zake nne zilikwenda takriban 10.7, 9.8, 10.5 na 12.0. Ya mwisho ilikuwa ya polepole kuliko zote, hata ile aliyoanzia kwenye vibao akiwa amesimama tuli. Mkimbiaji unayemwona "anaongeza" mita 50 za mwisho za 400, mara nyingi anapungua kidogo kuliko wenzake. Lakini tofauti ya nusu mbili za van Niekerk ilikuwa kama sekunde 2, si 5.

Kinachomkaza kijana si laktati yenyewe, zao la kuvunja glikojeni bila oksijeni, ingawa ndiyo inayolaumiwa viwanjani. Glikojeni inapovunjwa kwa kasi hiyo, ioni za hidrojeni hurundikana na msuli unakuwa na asidi. Fosfeti iliyoachwa na fosfokreatini nayo huudhoofisha mkazo wa msuli. Laktati ni alama ya kazi hiyo, na moyo na misuli mingine huichukua kama mafuta. Ndani ya saa moja hivi huwa imepungua hadi kawaida, kwa hiyo maumivu ya miguu ya kesho kutwa yana sababu nyingine.

Sasa mtengenezee mbio. Mwenye rekodi ya 23.0 apite mita 200 kwa 24.2 hivi. Akirudi kwa 26.6, atakuwa na 50.8, na amepata zaidi ya sekunde nzima kwa kuanza taratibu zaidi. Simama kwenye alama ya mita 200 na saa yako. Akipita kwa 24.2 na bado akarudi kwa 28, basi mwendo umeurekebisha na tatizo lililobaki ni uwezo wake wa kustahimili. Hapo mpe mita 300 mara mbili au tatu kwa kasi ya mashindano, akipumzika dakika 8 hadi 10 kila mara, na siku nyingine mbili za wiki akimbie taratibu dakika 20 hadi 30. Usifupishe mapumziko ya siku za kasi. Nusu ya fosfokreatini hurudi ndani ya nusu dakika hivi, lakini kujaa karibu yote huchukua dakika kadhaa. Ukimharakisha, unafundisha uchovu na si kasi.

Tazama pia Olimpiki ya Meksiko ya 1968, iliyofanyika mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Lee Evans alikimbia mita 400 kwa 43.86, rekodi iliyodumu hadi 1988. Mita 10,000 alishinda Naftali Temu, akiipa Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki, lakini kwa 29:27.4, wakati rekodi ya dunia ya Ron Clarke ilikuwa 27:39.4. Mbinu za mbio zilichangia, na hewa nyepesi ilimpunguzia Evans upinzani wa upepo. Hata hivyo oksijeni ilipopungua, aliyeitegemea kwa asilimia 97 ndiye aliyelipa gharama kubwa.

Huyo wa 10,000 naye, kosa ni la upande wa pili. Joshua Cheptegei alipoweka 26:11.00 kule Valencia mwaka 2020, alikwenda wastani wa sekunde 62.84 kwa kila mzunguko, nusu ya kwanza 13:07.73 na ya pili 13:03.27. Angalia ulingano huo. Ile asilimia 3 isiyo ya oksijeni ni mfuko mdogo, na anayeutoboa kwenye mizunguko miwili ya kwanza haujazi tena bila kupunguza mwendo. Glikojeni haimwishii kwa kilomita 10. Kinachomwangusha ni kuvuka kasi ambayo mwili unaweza kuondoa laktati sawa na inavyozalishwa, na dalili yake ni pumzi kuwa fupi na ya haraka mapema, wakati miguu ingali na nguvu.

Mpe kila wiki dakika 20 hadi 25 kwenye kasi anayoweza kutamka maneno matatu manne tu kwa pumzi moja. Kisha, mara moja kwa wiki, mita 150 za kasi mara sita akipumzika vizuri. Mo Farah alimaliza mzunguko wa mwisho wa 10,000 kule London 2012 kwa 53.48. Mzunguko kama huo hauwezekani kwa mtu ambaye miguu yake haijawahi kukimbia kwa kasi hiyo mazoezini.