“Uh-huh” haina tafsiri moja: vitikio vya msikilizaji katika manukuu

Swali: Shikamoo mwalimu. Ninatafsiri manukuu ya tamthilia za Kiingereza, yale maandishi ya chini ya skrini, kwenda Kiswahili. Mhusika akisema “uh-huh”, “fair enough” au “totally”, mimi naandika “ndiyo” au “sawa”. Mhariri ananirudishia kazi na kusema mazungumzo yamekufa ganzi. Je, vijineno hivi vina tafsiri zake maalumu?

Jibu: Marahaba. Mhariri wako ana haki, ila tatizo halitatuliwi kwa kutafuta kisawe cha kila kijineno. Mtu anayesikiliza hatoi sauti hizo ili atoe habari. Anatoa ili mwenzake ajue afanye nini baada ya hapo: aendelee, afafanue, au amwachie zamu. Kwa hiyo kinachotafsiriwa ni kazi ya ile sauti mahali pale ilipo, na sauti moja ya Kiingereza yaweza kuwa na kazi tatu katika ukurasa mmoja wa skripti.

Anza na “uh-huh”. Mwaka 1982 Emanuel Schegloff, mwanasosholojia wa Marekani, alieleza kwamba mtu akisema “uh huh” katikati ya maelezo ya mwenzake anakuwa ameiona nafasi ya kusema na ameiacha ipite. Ni kama kusema: naona hujamaliza, endelea. Hilo linakupa kipimo rahisi. Tazama mstari unaofuata. Ikiwa msimulizi anaendelea palepale alipoachia, basi ile “uh-huh” ni ya kuendeleza, na “ndiyo” haifai hapo, kwa sababu hakuna swali lililoulizwa. Sisi hapo husema “enhe”, au “mhm”, au tunarudia tu neno la mwisho la msimulizi. “Nikamkuta kalala.” “Kalala.” “Nikamwamsha…” Kurudia huku ni jambo la kawaida sana katika mazungumzo yetu, na watafsiri wengi hawautumii mtindo huu kwa sababu hawauoni katika skripti ya Kiingereza.

Angalia tahajia pia. “Mhm” na “mh” zinatofautiana kwa herufi moja tu, lakini msomaji wa Kiswahili akiona “Mh!” anasikia shaka: huyu haamini anachoambiwa, au amesikia jambo limemkera. Nimeona manukuu ambamo mke anamweleza mumewe alikokuwa mchana, mume anasema “mm-hm” ya kawaida kabisa, na mtafsiri kaandika “Mh!” Mtazamaji akabaki anangoja ugomvi usiokuwepo. “Haya” nayo ina mtego wake. Wengi huiandika kwa kuwa ni fupi, lakini “haya” hufunga mazungumzo au huyahamishia kwenye jambo jingine. Ukiiweka katikati ya kisa cha mtu, msikilizaji wako anaonekana kumkatiza.

Sasa tuchukue kipande kizima. Nimekitunga kwa mfano: ndugu wawili wanazungumza kuhusu nyumba ya marehemu baba yao. Maneno ya dada nimeshayatafsiri, ya kaka nimeyaacha yalivyo.

DADA: Nilimpigia wakili juzi.
KAKA: “Uh-huh.”
DADA: Anasema hati bado ina jina la baba.
KAKA: “Right.”
DADA: Hakuna aliyeishughulikia miaka yote hii.
KAKA: “No.”
DADA: Sasa mimi sitoi hela ya wakili kabla sijaiona hati yenyewe.
KAKA: “Fair enough.”
DADA: Na shemeji asijue kitu mpaka tumalize.
KAKA: “Totally.”

Ukiandika “ndiyo, sawa, hapana, sawa, ndiyo”, kaka anakuwa karani anayepiga mihuri. Na zaidi ya kuchosha, mojawapo ya majibu hayo ni kosa la maana.

“Uh-huh” ya kwanza ni ya kuendeleza, kwa hiyo “Enhe.” Ile “right” inategemea kaka alikuwa anajua nini. Kama habari ya hati ni mpya kwake, “Ahaa” inatosha. Kama alidhani jina lilishabadilishwa, basi ni “Kumbe!”, kwa maana “kumbe” humwambia mtazamaji kwamba mtu ameona tofauti na alivyodhani. Na kama alikuwa anajua siku zote, “Ndiyo hivyo.” Kiingereza kimemficha mhusika nyuma ya neno moja, Kiswahili kitakulazimisha uchague, na huwezi kuchagua bila kuitazama sehemu iliyotangulia ya tamthilia. Ndiyo maana sikubali kazi ya kutafsiri skripti bila video yake.

“No” ya mstari wa tatu ndiyo ninayotaka uitazame kwa makini kuliko zote. Katika Kiingereza, mtu akisema sentensi kanushi nawe ukakubaliana naye, unajibu kwa “no”. Kaka hapingi. Anakubali kwamba hakuna aliyeishughulikia ile hati. Kwetu kukubaliana na sentensi kanushi huendeshwa kinyume: “Hujala?” “Ndiyo, sijala.” Mtu hujibu usemi wa mwenzake, kwamba ni wa kweli, wala hajali kama kitenzi kimekanushwa. Kwa hiyo “Hapana” hapo inasomeka kana kwamba kaka anabisha, kwamba yupo aliyeishughulikia, na mtazamaji ataanza kujiuliza ni nani. Andika “Kweli”, au bora zaidi rudia kitenzi chake: “Hakuna.” Kila ukikutana na “no” ya peke yake katika skripti, rudi nyuma mstari mmoja ukague kama sentensi ile ni kanushi. Ukifanya hivyo tu, utaondoa makosa mengi kuliko kwa kununua kamusi mpya.

Tuje kwenye “fair enough”. Hii si kukubali kwa moyo mweupe. Msemaji anakiri kwamba sababu ya mwenzake ina uzito, hata kama yeye angependa vingine, na mara nyingi anamaliza ubishi hapohapo. “Sawa” peke yake inapoteza ule ukiri. Tunayo maneno yake, tena mazuri. Sababu ikiwa ni mpya, ambayo msikilizaji hakuifikiria, sema “Hilo nalo neno.” Akiwa anakubali nukta hii moja huku ana mashaka na mengine, “Hapo sawa.” Akiwa amechoka kubishana na anaachia tu, “Haya, sawa”, na hapa “haya” iko mahali pake, kwa kuwa mjadala unafungwa kweli. Katika mfano wetu mimi ningechagua “Hapo sawa”, kwa sababu dada amezungumzia fedha zake tu na kaka hajasema lolote kuhusu kuendelea na wakili.

“Totally” ndiyo nyepesi kuliko zote: “Kabisa.” Inasimama peke yake kama ile ya Kiingereza, na inafaa hata baada ya kanushi, kwa hiyo haitakuingiza katika mtego wa “no”. Ukitaka kuonyesha kwamba mwenzake amesema kile alichokuwa nacho moyoni, “Haswa!” Mhusika wa pwani ukimpa “Ewaa!” hakuna atakayekulaumu, lakini usimpe kijana wa London kwa sababu tu neno ni tamu.

Kwa hiyo kaka wetu anasema: Enhe. Kumbe! Hakuna. Hapo sawa. Kabisa. Nimechagua “kumbe” nikichukulia kwamba alidhani jina lilishabadilishwa. Kipande kilichotangulia kingeweza kunibadilisha.

Kuna pia swali la nani anamsikiliza nani, na Kiingereza hakikusaidii hapo. “Uh-huh” ya binti kwa baba yake na ya baba kwa binti ni ileile. Kwetu sivyo. “Enhe” ya mtoto kwa mzee inasikika kama anamharakisha, na “ee” kavu kwa mtu mzima nyumba nyingi zingeiita utovu wa adabu. Mwandikie “Naam” au “Ndiyo, baba”. Mzee akimsikiliza mtoto anaweza kusema “Enhe” bila tatizo. Na kisa kikifika kwenye msiba au hasara, msikilizaji wa Kiingereza anaweza kubaki na “mm-hm” yake ya upole, lakini wa Kiswahili asiposema “Pole” au “Jamani” anaonekana hana moyo. Hapo ongeza, hata kama skripti haikusema, ilimradi sura ya mwigizaji inaruhusu.

Mwisho, jambo la kiufundi ambalo linakupunguzia kazi. Sauti nyingi za kuendeleza hazihitaji nukuu kabisa. Mtazamaji anaisikia “mm-hm” kwa masikio yake na anaielewa bila kusoma. Tena ile sauti huisha upesi, kwa kawaida ndani ya nusu sekunde, ilhali miongozo ya Netflix haitaki nukuu iondoke kabla ya 5/6 ya sekunde. Ukiiandika, nukuu itabaki kwenye skrini baada ya sauti kukatika na huenda ikagongana na mstari wa dada unaofuata. Kwa hiyo mimi huacha bila kuandika kila kitikio ambacho ukikiondoa hakuna kinachobadilika, na ninaandika kile kinachojibu swali, kinachokiri hoja, kinachoonyesha mshangao, au kinachopinga. Katika mfano wetu “Enhe” ningeifuta bila wasiwasi, na zile nne nyingine ningeziacha. “Hakuna” hasa siifuti, maana mtazamaji anayejua Kiingereza kidogo amesikia “no” na angeielewa vibaya.

Kama siku moja utapewa kazi ya kuingiza sauti badala ya manukuu, kanuni hiyo haitumiki, kwa kuwa mdomo unaonekana ukicheza na lazima kitoke kitu. Hapo angalia midomo. “Mm-hm” hutamkwa midomo imefungwa, kwa hiyo “enhe” itaonekana wazi kwamba si yake, tumia “mhm”. “Uh-huh” huufungua mdomo, na “enhe” au “ahaa” inakaa vizuri juu yake. “Totally” ina silabi tatu, na “kabisa” vilevile. Kwa “fair enough”, ambayo nayo ina tatu, “hapo sawa” ina nne na mwigizaji mzoefu ataibana. “Hilo nalo neno” ni silabi sita, kwa hiyo iombe nafasi mapema kwa mwongozaji, au subiri mahali ambapo mhusika amegeuza uso.