Sensa ya tangi imeganda kwenye sm 43

"HC-SR04, sensa inayopima umbali kwa mwangwi wa sauti, inasoma sm 43 hata maji yakishuka. Nimechukua wastani, bado."

Ndugu, namba isiyobadilika mara nyingi ni mwangwi wa kitu kilichosimama, na hakuna hesabu itakayouondoa. Sauti hutanuka kama koni, hivyo pima sm 43 chini ya sensa kwa futi; huenda ukakuta bomba la kuingizia maji. Sogeza sensa mbali nalo, itazame chini wima.

Kuchuja kunafaa kwa vipimo vinavyoruka tu. Chukua vitano, ukisubiri milisekunde 60 kati yake, vipange, utumie cha katikati. Kwa 118, 119, 43, 118, 120 unapata 118; wastani ungekupa 103.6.

Sensa hiyo haivumilii unyevu, kwa hiyo usiiachie peke yake kazi ya kuendesha pampu. Weka na swichi ya boya.