Blogu kwenye tovuti ya duka la pampu

"Nina tovuti ya duka la pampu za maji. Je, niongeze blogu, na niandike mara ngapi?"

Ndugu yangu, fungua kwanza WhatsApp ya duka uhesabu maswali yanayojirudia na yanayohitaji maelezo marefu, kwa mfano pampu ipi inafaa kisima cha mita 60, au kwa nini pampu ya sola husuasua asubuhi. Ukipata kama kumi, blogu ina kazi. Yakiwa ni ya bei tu, boresha kurasa za bidhaa.

Wapo wanaoshauri makala kila wiki, na kwa gazeti wana haki, lakini wewe unauza, unafunga na kutengeneza pampu, kwa hiyo moja kwa mwezi inatosha. Andika makala nne kabla ya kuifungua blogu, kwani mteja akikuta makala ya mwisho ni ya miaka miwili iliyopita, atauliza kama duka bado lipo. Nimewahi kuulizwa hivyo mwenyewe, na iliniuma. Baada ya miezi kadhaa, tazama katika Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti, watu wamekupata kwa maneno gani, kisha rekebisha makala za zamani kabla ya kuongeza mpya.