Re: Kufuta akaunti ya Steam

> "Nataka kufuta profaili, marafiki na meseji zote za Steam. Je, gemu nilizonunua zitabaki?"

Habari ndugu. Hazibaki. Ulichonunua ni leseni iliyofungwa kwenye akaunti hiyo, na ufunguo wa gemu ulioshatumika hauingii kwenye akaunti nyingine. Salio la Wallet nalo linakwenda, hata lile la kadi uliyonunua dukani hapa Kampala. Kwa hiyo anza na salio. Gemu uliyonunua ndani ya siku 14 na kuicheza chini ya saa 2, omba kwanza urudishiwe pesa.

Ombi la kufuta linapitia Steam Support, nao watataka uthibitisho kuwa akaunti ni yako. Kisha hukaa siku 30 kabla ya kufutwa kabisa, na ndani ya muda huo unaweza kughairi. Kama mdogo wako kule Jinja anacheza gemu zako kupitia Steam Families, mwambie mapema, maana na yeye atazikosa.

Orodha ya marafiki itaondoka na profaili. Meseji za ndani ya gemu ndizo zinazowaponyoka wengi: gemu inayokudai akaunti ya pili, kama ya EA au Ubisoft, huweka rekodi zake kwa kampuni hiyo. Ifute huko kivyake, ukiwa bado na barua pepe uliyojisajilia.

Ukitaka tu watu wasikuone, mimi ningeweka profaili Private na kuondoa marafiki. Gemu zako hazitaguswa.